Uzi: Tuktuk iliyouzwa na dereva, na kanuni ya kwamba hatoi mtu asichonacho

Mjomba wa Kongowea

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naleta jambo la mpwa wangu, na naomba wanaojua sheria wanifafanulie kwa lugha ya kawaida, kwa sababu kituoni tuliambiwa maneno ya Kilatini tukarudi nyumbani hatujui tumeambiwa nini.

Mpwa wangu alinunua tuktuk kwa shilingi 270,000. Aliyemuuzia ni dereva aliyekuwa akiiendesha kila siku hapa Kongowea, na sote tulimfahamu kwa sura. Alionyesha nakala ya logibuku na nakala ya kitambulisho cha mwenye chombo, mama mmoja anayefanya kazi Maskati, akasema mama huyo amemtuma aiuze kwa sababu hana haja nayo tena. Akampigia simu mtu mbele ya mpwa wangu, na sauti ya mwanamke ikakubali. Tukaandikiana kwenye duka la kuchapa. Shilingi 200,000 zilitumwa kwa M-Pesa kwenye nambari ya dereva, na 70,000 zikatolewa mkononi. Logibuku halisi iliahidiwa kuja baadaye, pamoja na kubadilisha jina.

Mpwa akaifanyia injini matengenezo makubwa, shilingi 48,000, akaanza kazi. Miezi miwili hivi ikapita, kisha dadake yule mama akaja Mwembe Tayari na maafisa wa polisi, ana logibuku halisi mkononi, na tuktuk ikachukuliwa. Mama mwenyewe anasema hakumtuma mtu yeyote, na kwamba dereva alikuwa akimletea dadake hesabu kila jioni mpaka alipotoweka. Afisa mmoja alituambia kwa kifupi, «nemo dat», na akasema mambo yamekwisha. Je, yamekwisha kweli? Kijana alinunua kwa nia safi na pesa halali.

Dalali wa Magari

Waaleikum salaam, mzee. Mimi nauza magari ya mitumba kwa muda mrefu na nitakwambia ninavyojua. Sheria humlinda mnunuzi wa nia njema. Kijana wako hakujua kitu, alilipa bei ya soko, ana maandishi na ana ushahidi wa M-Pesa. Aliyefanya kosa ni yule mama aliyemwamini dereva. Basi yeye ndiye amtafute dereva, na tuktuk ibaki kwa kijana. Nimeona kwa macho yangu kesi ambayo mwenye gari alishindwa na mnunuzi akaondoka na gari lake.

Karani Mstaafu

Ndugu Dalali, kesi uliyoiona naisadiki, na nitairudia hapa chini, lakini haifanani na hii. Nilikaa na mafaili ya madai miaka mingi, na nimeona watu wengi wakipoteza pesa kwa kudhani kuwa nia njema peke yake humpa mtu mali.

Maneno ya Kilatini kwa ukamilifu ni *nemo dat quod non habet*, nayo yanasema kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake kile ambacho yeye mwenyewe hana. Hapa Kenya si msemo tu wa mawakili. Umeandikwa katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 23: bidhaa zikiuzwa na mtu asiye mwenyewe, tena bila mamlaka wala ridhaa ya mwenyewe, mnunuzi hapati haki iliyo bora kuliko ile aliyokuwa nayo muuzaji. Sasa jiulizeni dereva alikuwa na haki gani. Alikuwa na haki ya kukaa na tuktuk mchana kutwa, kuifanyia kazi na kuirudisha jioni pamoja na hesabu. Hiyo ni haki ya kushika, si haki ya kumiliki, na hata haki hiyo ya kushika ilikoma pale alipoanza kuifanya tuktuk kuwa yake. Alichoweza kumpa mpwa wa mzee ni hicho hicho, yaani si chochote.

Angalieni kwamba kifungu hakimuulizi mnunuzi nia yake. Kinauliza swali moja kuhusu muuzaji: alikuwa nacho, au hakuwa nacho? Kwa hiyo mnunuzi anaweza kuwa mkweli kuliko watu wote sokoni na bado akaondoka mikono mitupu. Ni sheria kali, sikatai, lakini upande wa pili yuko mama aliyeko ughaibuni ambaye naye hakumkosea mtu. Mmoja kati ya watu wawili wasio na hatia lazima aumie, na sheria imeamua kwamba mwenye mali hapokonywi mali yake na mtu ambaye hakumpa ruhusa.

Mjomba wa Kongowea

Nimekufahamu, mzee Karani, ingawa moyo umenikaa vibaya. Lakini dereva alikuwa na nakala ya logibuku na ya kitambulisho. Alizipata wapi kama si kwa mama mwenyewe? Je, mama hakutufanya sisi tuamini kwamba dereva ana mamlaka?

Binti Bombolulu

Shikamoo mzee. Swali lako ni zuri, kwa sababu linagusa tundu la kwanza katika kanuni hii. Kifungu hicho hicho cha 23 kinasema mwenye mali anaweza kuzuiwa na mwenendo wake mwenyewe asikane mamlaka ya muuzaji. Maana yake ni kwamba, kama yeye kwa maneno au kwa vitendo alikuonyesha wewe kuwa huyu ametumwa kuuza, hawezi kugeuka baadaye.

Ila mahakama hutaka zaidi ya uzembe wa kumwamini mtu mbaya. Kumkabidhi mtu chombo si kumtangaza kuwa muuzaji, la sivyo kila mwenye tuktuk wa Mombasa angekuwa ameiuza siku ile aliyompa dereva ufunguo. Hata kukabidhi gari pamoja na kitabu chake cha usajili hakukutosha katika kesi ya Kiingereza ya 1957, Central Newbury dhidi ya Unity Finance, na majaji wetu huzisoma kesi hizo kama mwongozo ingawa haziwafungi. Hapa kilichokuwako ni nakala tu. Dereva wa tuktuk hupewa nakala kama hizo kwa shughuli za bima na ukaguzi. Mama alimpa za kazi hiyo, yeye akazitumia kwa kazi nyingine.

Kuhusu ile simu, nambari ilitoka kwa nani? Kama ilitoka kwa dereva, basi ile sauti ni maneno ya dereva yaliyopitia mdomo wa mtu mwingine. Mwenendo unaomzuia mwenye mali lazima uwe wake yeye.

Mjomba wa Kongowea

Nambari ilitoka kwa dereva. Na mama anasema nambari hiyo haijui.

Dalali wa Magari

Mnamkatisha mzee tamaa. Basi nielezeni ile kesi yangu. Mtu alikuwa na Probox, akamuuzia mteja mwenyewe kwa mkono wake. Mteja akaonyesha ujumbe wa benki kwamba pesa zimeingia, akapewa gari na karatasi zote, akaenda zake. Kesho yake pesa hazipo, ujumbe ni wa kughushi. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuuzwa jioni ile ile kwa mtu wa Changamwe, na huyo wa Changamwe akabaki nalo. Hapo mbona mwizi alitoa asichokuwa nacho?

Karani Mstaafu

Hapo ndipo penye utamu wote wa jambo hili, na watu wengi hupapita bila kupaona. Tapeli wa Probox hakuwa mtupu. Mwenye gari alimuuzia. Alidanganywa, ni kweli, lakini alikusudia gari liwe la yule mtu, akamkabidhi. Mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaishi mpaka yule aliyedanganywa auvunje. Kwa hiyo tapeli alikuwa na umiliki, ingawa ni umiliki wenye ufa, na kifungu cha 24 kinasema kwamba, akiuuza kabla haujavunjwa, kwa mtu mwenye nia njema asiyejua ule ufa, mnunuzi huyo anapata haki nzuri. Ndiyo sababu mtu wa Changamwe alibaki na gari.

Sasa zitazameni hizi mbili pamoja. Mwenye Probox aliuza, akadanganywa kuhusu malipo. Mama wa Maskati hakuuza kabisa, si kwa dereva wala kwa mtu mwingine. Kwa macho ya wapita njia zote mbili huitwa utapeli, na polisi wanaweza kuziandika kwa maneno yanayofanana, lakini kwa mnunuzi wa mwisho tofauti ni ya kupata au kukosa. Swali la kuuliza ni hili: je, mwenye mali aliwahi, hata kwa kudanganywa, kukubali kwamba mali ihamie kwa yule aliyemkabidhi? Akiwa alikubali, nia njema ya mnunuzi ina kazi. Akiwa hakukubali, haina.

Binti Bombolulu

Naongeza jambo moja kwa ndugu Dalali, maana linaweza kumfaa kazini. Hata katika kesi ya Probox, saa ina maana kubwa. Mwaka 1960 Bwana Caldwell, Mwingereza, aliuza gari lake la Jaguar kwa tapeli kwa hundi, na hundi ikakataliwa benki siku iliyofuata. Tapeli hakupatikana wa kuambiwa kwamba mkataba umevunjwa. Caldwell akaenda moja kwa moja kwa polisi na kwa chama cha wenye magari, akaomba gari litafutwe. Gari likauzwa kwa wengine baada ya hapo. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba kule kutoa taarifa kulitosha kuvunja mkataba, kwa hiyo tapeli alipouza alikuwa hana kitu tena, na Caldwell akashinda.

Ndiyo maana mtu aliyetapeliwa gari asingoje kuzungumza na jamaa kwanza. Nambari ya OB iliyoandikwa saa nne asubuhi inaweza kuwa ndiyo inayolirudisha gari lililouzwa saa nane mchana.

Dalali wa Magari

Hilo la saa sikulijua, na nashukuru. Lakini bado nina neno. Kama mpwa wa mzee angekuwa amekwisha kubadilisha jina kwenye NTSA, hakuna mtu angemgusa. Jina likishaingia, limeingia.

Karani Mstaafu

Lingemsaidia, lakini si kwa kiasi hicho. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Usajili unampa mtu pa kusimamia na kumwachia mwenzake mzigo wa kuthibitisha, lakini hauzai umiliki pale ambapo haukuwako. Mama angeleta ushahidi kwamba hakuidhinisha uhamisho, jina la kijana lingeondolewa.

Faida kubwa ya NTSA ilikuwa kabla ya pesa kutoka. Uhamisho huanzishwa na mwenyewe katika akaunti yake, kisha mnunuzi akaukubali kwa yake. Dereva asingeweza kuuanzisha. Muuzaji anayesema lipa leo, jina tutabadilisha baadaye, amekwisha kukuambia kwamba akaunti si yake.

Kuli wa Shimanzi

Wakubwa, na mimi nichangie. Nilisikia neno lingine la Kilatini, *res ipsa loquitur*, kwamba jambo lenyewe lajisemea. Je, kijana kukutwa na tuktuk ya wizi bila logibuku si jambo linalojisemea? Naogopa wasije wakamfunga yeye. Na pia nina langu: kaka yangu aliangukiwa na gunia la mchele kwenye ghala huku Shimanzi, akavunjika bega, na mwenye ghala anasema athibitishe ni nani aliyelisukuma. Atathibitisha vipi, naye alikuwa amelipa mgongo?

Binti Bombolulu

Ndugu yangu, pole kwa kaka. Umechanganya mambo mawili, lakini umeuliza lililo muhimu, kwa hiyo nitayatenganisha.

*Res ipsa loquitur* haimtii mtu hatiani kwa wizi. Ni kanuni ya kesi za uzembe, na inamhusu kaka yako kuliko inavyomhusu mpwa wa mzee. Kesi yake maarufu kabisa ni ya 1865, ya bandarini London: afisa wa forodha alikuwa akipita mbele ya ghala la gati la Mtakatifu Katherine, magunia 6 ya sukari yakamwangukia. Hakujua kilichotokea huko juu, kama kaka yako asivyojua. Mahakama ikasema kwamba kitu kikiwa chini ya usimamizi wa mdaiwa au watumishi wake, na ajali yenyewe ikiwa si ya namna inayotokea pale ambapo watu wako waangalifu, basi tukio lenyewe ni ushahidi wa uzembe, mpaka mdaiwa alete maelezo yake. Magunia yaliyopangwa vizuri hayajiangushi yenyewe. Kaka yako hahitaji kumtaja mtu aliyesukuma. Anahitaji kuonyesha kwamba ghala na mpango wa magunia vilikuwa mikononi mwa mdaiwa, na aeleze hivyo wazi katika hati yake ya madai.

Mipaka yake ni kwamba mwenye ghala anaweza kuleta maelezo yanayokubalika, kwa mfano kwamba mgeni aliyapanda magunia bila ruhusa, na mzigo ukarudi kwa kaka yako. Na asikawie, kwa sababu madai ya uzembe yana miaka 3 tu tangu siku ya ajali.

Ama hofu yako juu ya mpwa, hiyo ni kanuni nyingine kabisa, ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Mahakama zetu hutaka ithibitishwe kwamba mali ilikutwa kwake, kwamba ni ya mlalamishi, kwamba iliibwa kwake, na kwamba iliibwa karibuni. Yakithibitika hayo, aliyekutwa nayo hudaiwa maelezo yanayoingia akilini. Mpwa anayo: mkataba, rekodi ya M-Pesa yenye jina la dereva, na mashahidi wa Kongowea. Azihifadhi hizo, na aandike taarifa yake mwenyewe polisi akiwa mlalamishi, asingoje kuitwa.

Mwenye Shamba Mtwapa

Samahani kwa kuingilia. Mnasema mali iliyosajiliwa bado inaweza kunyang'anywa? Mimi nina ploti yenye hati miliki safi kabisa, nimeinunua kwa wakili, nimelipa ushuru wa stempu. Ardhi si kama tuktuk. Hati ni hati.

Karani Mstaafu

Ardhi ina sheria yake, na kwa kweli huko hati ina nguvu kuliko logibuku. Lakini kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaruhusu hati kupingwa kwa sababu ya ulaghai ambao mwenye hati alishiriki, na pia pale ambapo hati ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayowashangaza wanunuzi.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kaunti ilikuwa imebomoa ukuta mwaka 2017 ili kufungua njia ya kwenda baharini. Kampuni ilisema imenunua kwa haki na ina hati. Mahakama ilifuata mzizi wa hati mpaka ule ugawaji wa kwanza wa 1989, kwa Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, ikaona kwamba ardhi ilikuwa imetengwa kuwa eneo la wazi la umma na kwamba utaratibu haukufuatwa. Mgawiwa wa kwanza hakupata haki, kwa hiyo hakuwa na haki ya kupitisha, na wote waliofuata hawakupata, hata aliyelipa pesa zake kwa nia njema. Ni mantiki ile ile ya dereva wa tuktuk, ila hapa mnyororo ulikuwa mrefu zaidi na pesa zilikuwa nyingi zaidi.

Ndugu wa Mtwapa, sisemi kwamba yako ina kasoro. Nasema ushuru wa stempu hauponyi kasoro ya mwanzo. Mwambie wakili wako akuonyeshe historia nzima ya ploti tangu ugawaji wa kwanza, si ukurasa wa mwisho peke yake.

Mwenye Shamba Mtwapa

Sikubaliani. Kama serikali yenyewe ndiyo iliyotoa hati, iweje mimi mwananchi nilipie kosa la ofisi yake? Hilo si haki, na siku moja litabadilishwa.

Mjomba wa Kongowea

Ndugu zangu, naomba turudi kwa kijana. Tuktuk nimeshaelewa haitarudi. Je, pesa?

Binti Bombolulu

Mzee, nisomee maandishi yenu yanasemaje mahali pa muuzaji. Neno kwa neno.

Mjomba wa Kongowea

Yameandikwa jina la dereva, nambari yake ya kitambulisho, kisha: «mimi muuzaji, kwa idhini ya mwenye chombo, nimeuza na nimepokea pesa zote». Ametia saini yeye.

Binti Bombolulu

Maneno hayo yana njia mbili ndani yake, na mpwa azishike zote mbili.

Njia ya kwanza ni kumchukulia dereva kuwa ndiye muuzaji. Kifungu cha 14 cha sheria ile ile ya Sura ya 31 kinamtwisha kila muuzaji sharti kwamba ana haki ya kuuza, hata kama halikuandikwa popote. Dereva hakuwa nayo, kwa hiyo mpwa anadai bei yote. Msikubali kuambiwa kwamba ametumia chombo miezi miwili akapata riziki, basi zikatwe. Katika kesi ya 1923, Rowland dhidi ya Divall, mnunuzi alilitumia gari kwa miezi kadhaa kabla halijachukuliwa kwa sababu lilikuwa la wizi, akarudishiwa pauni zake 334 kamili. Alinunua umiliki, na umiliki hakuupata hata kwa siku moja.

Njia ya pili ni yale maneno «kwa idhini ya mwenye chombo». Dereva anaweza kujitetea kwamba yeye alikuwa wakala tu, si muuzaji. Vema, basi aliahidi kuwa ana mamlaka ambayo hakuwa nayo, na wakala wa namna hiyo hulipa hasara iliyotokana na ahadi yake. Hati ya madai iseme la kwanza, na kama si la kwanza, la pili.

Mahali ni Mahakama ya Madai Madogo, ipo Mombasa, inashughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizwe katika siku 60 tangu kufunguliwa. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, lakini dereva anayetoroka hangoji miaka 6. Kesi ya jinai ya kuiba tuktuk iendelee upande wake, haizuii hii.

Dalali wa Magari

Na zile 48,000 za injini? Hizo ziko ndani ya tuktuk ya mama sasa. Mama amerudishiwa chombo kizuri kuliko kilichoibwa. Hapo naye asilipe?

Karani Mstaafu

Mimi nasema hapana. Hakuiomba injini mpya. Mtu akipaka nyumba yangu rangi nikiwa safarini, simdai wala hanidai. Kijana aziweke 48,000 katika madai yake dhidi ya dereva, kuwa hasara iliyotokana na mauzo yale.

Binti Bombolulu

Mzee Karani, kwa heshima zote, hapa natofautiana nawe. Katika kesi ya Greenwood dhidi ya Bennett, iliyoamuliwa mwaka 1972, Bwana Bennett alimpa mtu gari alitengeneze, yule mtu akaliendesha kwa shughuli zake, akaliharibu, akaliuza kwa pauni 75 kwa Bwana Harper, ambaye hakujua lolote. Harper akatumia pauni 226 kulitengeneza. Gari lilirudi kwa Bennett, lakini Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimwamuru amlipe Harper zile 226, kwa sababu hakuwa na haki ya kuchukua bure kazi iliyofanywa na mtu mwenye nia njema aliyedhani gari ni lake. Hali ya mpwa inafanana nayo sana, mpaka ile sababu ya chombo kukabidhiwa kwa ajili ya kazi.

Karani Mstaafu

Naijua hukumu hiyo. Lakini pale gari lilishikwa na polisi, na mahakama yenyewe ndiyo iliyoulizwa alipewe nani, kwa hiyo ilikuwa na nafasi ya kuweka sharti. Hapa tuktuk imekwisha kukabidhiwa kwa dadake. Kumfungulia mama kesi mpya ya injini ni jambo jingine, na sidhani hakimu wetu atalikubali kwa urahisi.

Mjomba wa Kongowea

Tuktuk haijakabidhiwa kwa dada. Bado iko kituoni, imewekwa kuwa kidhibiti mpaka dereva ashtakiwe. Dereva mwenyewe ameonekana Malindi, na afisa anasema watamleta wiki ijayo.

Karani Mstaafu

Kama ni hivyo, ningoje kabla sijasema neno jingine. Mwambie kijana apige picha injini hiyo ikiwa bado kituoni, achukue risiti za vipuri na taarifa ya fundi iliyotiwa saini, na amwombe wakili aandikie kituo kwamba kuna mtu mwenye madai juu ya kidhibiti hicho kabla hakijaachiliwa. Iwapo amri ya kukirudisha itaombwa mbele ya hakimu, hapo ndipo hoja ya Binti inaweza kusikilizwa.

Binti Bombolulu

Na barua hiyo ifike kabla dereva hajafikishwa mahakamani, mzee, kwa sababu siku ile ile mwendesha mashtaka anaweza kuomba chombo kipigwe picha kiwe ushahidi, kisha kirudishwe kwa mwenyewe.

Mjomba wa Kongowea

Fundi yuko Kisauni, namwendea leo baada ya Alasiri. Risiti za vipuri zipo, ila moja haina jina la mpwa, ina jina la fundi. Itafaa?

Karani Mstaafu

Itafaa, mradi fundi mwenyewe aje kuieleza. Mwandikishe nambari ya simu yake na mahali pa karakana kwenye ile taarifa.